Ardhi, Nyumba na Vyombo: Unapolipa, Unanunua Kipi?

(Maelezo haya niliyatoa kwa wanachama wa chama kimoja cha akiba hapa Mombasa, wengi wao wakijiandaa kununua kwa mara ya kwanza. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema.)

Assalaam aleikum, na hamjambo nyote. Wazee wangu, kina mama, na nyinyi vijana mliokaa nyuma karibu na mlango ili mpate kutoroka mapema.

Nianze na kijana mmoja aliyekuja ofisini kwangu akiwa na bahasha ya kaki mkononi. Alikuwa amenunua nyumba ya vyumba sita huko Majengo. Bei yenyewe ilimfurahisha: milioni moja na laki nne, mahali ambapo majirani wanataja milioni nne au tano. Akatoa mkataba, akatoa risiti, akatoa funguo, akavipanga mezani kama mtu anayeonyesha cheti cha shule. Nikamwuliza, "Hati ya kiwanja iko wapi?" Akanijibu, "Wakili, nimenunua nyumba. Kiwanja kina mwenyewe, namlipa mia tano kila mwezi."

Alikuwa amesema kweli kabisa, tena kwa ufasaha kuliko wanafunzi wengi wa sheria. Alichokuwa hajakielewa ni uzito wa jambo alilolisema. Alidhani amenunua mali ileile aliyonunua jirani yake, ila kwa bei nafuu. Kumbe yeye na jirani walikuwa wamenunua vitu viwili tofauti vinavyofanana kwa macho.

Basi leo nataka tutenganishe mambo matatu: ardhi, jengo, na mali inayohamishika, yaani vyombo na vitu vinavyobebeka. Nitakaa zaidi kwenye jengo, kwa sababu ardhi haisogei na kiti husogea, na hakuna mtu anayebishana juu ya hayo. Jengo ndilo linalotusumbua. Mara linahesabiwa kuwa ardhi, mara linasimama peke yake, na mara linavunjwa, vipande vyake vikawa vyombo.

Sheria ya Kenya ina maelezo mafupi ya jambo hili katika Sura ya 2, ile sheria inayofafanua maneno ya sheria nyingine. Mali isiyohamishika, inasema, ni ardhi, haki yoyote juu ya ardhi, na vitu vilivyoshikamana na ardhi au vilivyofungwa kabisa kwenye kitu kilichoshikamana na ardhi. Mali inayohamishika je? Ni mali ya kila namna isipokuwa hiyo isiyohamishika. Mmeona? Mali inayohamishika haikupewa maelezo yake yenyewe. Ni masalio. Ukishajua kilichoshikamana na ardhi, chochote kilichobaki ni cha kubeba.

Kwa hivyo kanuni ya kawaida ni kwamba nyumba ya mawe iliyojengwa juu ya msingi ni sehemu ya ardhi, kama mwembe ulivyo sehemu ya ardhi. Ndiyo sababu ukienda kufanya sachi kwenye ofisi ya usajili wa ardhi, utapewa karatasi inayotaja namba ya kiwanja, ukubwa wake, jina la mwenyewe, na kama kuna rehani au kizuizi. Tafuta kwenye karatasi hiyo neno linalosema nyumba ina vyumba vingapi. Hulioni. Rejista haiijui nyumba yako. Inaijua ardhi, na nyumba inafuata ardhi kimyakimya, kama kivuli kinavyomfuata mtu. Mwenye kiwanja akikuhamishia kiwanja, nyumba imehama nacho hata kama mkataba haukuitaja.

Hilo lina matokeo yanayowashangaza watu. Ukijenga nyumba ya milioni tatu kwenye shamba la mjomba, kwa mapenzi tu na bila maandishi, mbele ya rejista umemjengea mjomba. Unaweza kwenda mahakamani ukadai kwamba mliahidiana, na pengine ukasikizwa, lakini unaanza kesi ukiwa chini. Nimewaona ndugu wasiosalimiana hadi leo kwa sababu ya nyumba iliyojengwa hivyo, na kila mmoja anaamini mwenziwe ni mwizi.

Sasa turudi kwa yule kijana wa Majengo, maana nyumba yake haikufuata kanuni hii.

Hapa pwani tuna kitu ambacho mtu wa Nyeri au Kericho ukimwelezea atakukazia macho: nyumba bila ardhi. Mtu mmoja anamiliki kiwanja, mwingine anamiliki nyumba iliyosimama juu yake, na kila mmoja anaweza kuuza chake, kurithisha chake, hata kugombana peke yake. Desturi hii ina mizizi katika maisha ya pwani chini ya sheria ya Kiislamu, ambapo haikuwa ajabu mtu kuwa na minazi yake, au nyumba yake ya miti na udongo, kwenye ardhi ya mwingine. Waingereza walipoleta sheria ya hati za ardhi za pwani mwaka 1908, walilikuta jambo hilo na hawakuweza kulipuuza. Ile sheria ikasema kwamba cheti cha umiliki wa ardhi kinathibitisha pia kuwa mwenye cheti ndiye mwenye minazi, nyumba na majengo yaliyo juu yake, isipokuwa cheti chenyewe kiwe kimeandikwa vinginevyo. Maneno hayo ya mwisho ndiyo mlango. Yalikubali kwamba ardhi inaweza kuwa ya Fulani na mnazi ukawa wa Fulani mwingine. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 2012 zilipoletwa sheria mpya za ardhi, lakini nyumba hazikufutwa. Ziko Majengo, ziko Kisauni, ziko Likoni, na mahakama zetu za hapa zinazitambua kama desturi ya pwani.

Basi huyu kijana alinunua nini? Alinunua kuta, paa, milango, na ruhusa ya kuendelea kukaa juu ya ardhi ya mtu kwa kulipa kodi ya kiwanja. Nawaomba muishike hiyo ruhusa, maana thamani ya nyumba bila ardhi imo humo. Ukitaka kujua umenunua nini, jiulize swali moja: nyumba hii ikiungua leo usiku, kesho asubuhi nitakuwa na nini? Aliyenunua kiwanja na nyumba ataamka ana kiwanja. Amepata hasara, lakini anaweza kuchimba msingi, anaweza kuuza, anaweza hata kukikodisha watu waegeshe magari. Aliyenunua nyumba bila ardhi ataamka ana mabati yaliyokunjika na ombi la kumpelekea mwenye ardhi: niruhusu nijenge tena. Na mwenye ardhi, ambaye miaka ishirini amekuwa akipokea mia tano kwa mwezi na kiwanja chake sasa kinatafutwa na watu wa magorofa, anaweza kukataa.

Ndiyo maana pia utakuta nyumba nyingi za namna hii ni za udongo na mawe madogo, zimepigwa plasta kwa nje tu. Si kwamba wenyewe hawana hela. Mwenye ardhi hapendi ujenge kwa zege na nondo, kwa sababu jengo zito humfanya mpangaji aonekane kama mkaazi wa milele. Mkataba wa kodi ya kiwanja mara nyingi ni wa mwezi kwa mwezi, tena wa mdomo. Akitaka kiwanja chake anatoa notisi. Baada ya notisi unaruhusiwa kubomoa na kuchukua vifaa vyako. Tazameni hapo jinsi mali inavyogeuka: jana ilikuwa nyumba, leo ni milango sita, boriti na mabati kwenye mkokoteni. Jengo limekuwa chombo.

Yule kijana akaniuliza, "Kwa hivyo nimeibiwa?" Nikamwambia hapana. Aliyemuuzia alikuwa mwenye nyumba kweli, na alikuwa ameishi humo tangu utotoni. Kosa lilikuwa kwenye bei na kwenye karatasi. Kwenye bei, kwa sababu alilinganisha na nyumba zenye ardhi badala ya kulinganisha na nyumba bila ardhi nyingine za mtaa uleule. Kwenye karatasi, kwa sababu mkataba aliotia saini ulisema muuzaji "anauza nyumba na haki zake zote", na mwenye ardhi hakuhusishwa hata kwa salamu. Risiti za kodi ya kiwanja zilikuwa bado zinaandikwa kwa jina la marehemu babake muuzaji.

Tulifanya hivi. Kwanza tulitafuta namba ya kiwanja na kufanya sachi, ili tujue yule anayepokea mia tano kila mwezi ndiye mwenye ardhi aliyeandikwa, au ni mtoto wake, au ni mkusanyaji tu. Hii ni hatua ambayo wanunuzi wa nyumba bila ardhi huiruka, wanasema, "Mimi sinunui ardhi, sachi ya nini?" Wewe ndiye unayeihitaji zaidi, kwa sababu unaenda kuishi chini ya huruma ya mtu huyo na ni vizuri ujue jina lake. Mara nyingine sachi inaonyesha ardhi ni ya wakfu. Hapo ni habari nyingine: ardhi ya wakfu haiuzwi kama mali ya mtu binafsi, na unayezungumza naye ni mwangalizi wa wakfu au Tume ya Wakfu. Mara nyingine inaonyesha kwamba ardhi imewekwa rehani benki, na mwenyewe akishindwa kulipa, mwenye ardhi wako mpya atakuwa mtu aliyenunua kwenye mnada.

Ardhi ya huyu ilikuwa safi, ya bwana mmoja mzee. Tukaenda kwake. Tuliomba mambo mawili, tukaomba kwa adabu kwa sababu hatukuwa na nguvu ya kudai. La kwanza, barua kwamba anamtambua kijana huyu kuwa ndiye mwenye nyumba sasa, na risiti zianze kuandikwa kwa jina lake. La pili, mkataba wa kukodi kiwanja kwa miaka maalumu badala ya mwezi kwa mwezi. La pili ndilo lenye dhahabu. Chini ya sheria zetu za ardhi, mkataba wa kukodi usiozidi miaka miwili hausajiliwi, lakini unaozidi hapo unaweza kuandikwa kwenye rejista, na ukishaandikwa, hata kiwanja kikiuzwa, anayenunua analiona jina lako na anakupokea pamoja na ardhi. Mzee alikubali miaka kumi, kodi ikapanda kutoka mia tano hadi elfu moja na mia mbili, na kikawekwa kifungu cha notisi ya miezi kumi na miwili na fidia ya jengo ikiwa atataka kiwanja mapema. Kijana alilalamika kuhusu kodi. Nikamwambia, ndugu yangu, hiyo mia saba ya ziada ndiyo nyumba yako. Bila hiyo ulikuwa na kuta tu.

Si kila mwenye ardhi atakubali. Akikataa, uamuzi ni wako, lakini lipa bei ya kitu unachokipata. Mimi binafsi, nyumba bila ardhi yenye kodi ya mwezi kwa mwezi naihesabu hivi: kodi ambayo ningelipa mahali pengine kwa miaka mitatu au minne, basi. Ikiwa bei inazidi hapo, nakaa kwenye nyumba ya kupanga na akiba yangu inabaki kwenye chama. Wengine wataniambia mimi mwoga, na wana mifano ya nyanya zao waliokaa miaka hamsini bila notisi. Ni kweli walikaa. Lakini wakati huo hakuna aliyekuwa akitafuta kiwanja Kisauni ajenge ghorofa nane.

Na msidhani hatari hii ni ya mnunuzi wa nyumba peke yake. Igeuzeni. Wewe umepata hela kutoka kwa kaka yako aliye Maskati, unanunua kiwanja robo eka. Sachi inatoka safi: hakuna rehani, hakuna kizuizi. Unalipa. Unakwenda kupima, unakuta nyumba nne, watu wanaanua nguo, wanakukaribisha chai. Kila mmoja ana nyumba yake bila ardhi. Unasema, "Rejista haikuwataja!" Haikuwataja, na haikulazimika. Sheria ya usajili wa ardhi ya mwaka 2012 ina orodha ya haki zinazoifunga ardhi bila kuandikwa kwenye rejista, na upangaji wa mwezi kwa mwezi umo. Kwa hivyo sachi pekee haitoshi. Lazima miguu ifike kiwanjani, na ukifika usiulize "nyumba hii ni ya nani" tu. Uliza pia "kodi ya kiwanja mnamlipa nani". Swali hilo la pili ndilo linalotoa siri.

Tuache hapo, twende kwa vitu vinavyohamishika, maana hapa ndipo ugomvi mdogomdogo unapozaliwa, ule wa siku ya funguo.

Mwanamke mmoja alinunua nyumba pamoja na ardhi yake. Kila kitu kilikwenda sawa. Alipoiona mara ya kwanza ilikuwa na tangi la maji la lita elfu tano juu ya mnara wa zege, pampu ya kisima, sola tatu juu ya paa, viyoyozi viwili, kabati za jikoni, mapazia, na feni za dari. Alipofungua mlango kama mwenyewe, tangi halipo, pampu haipo, sola hazipo, viyoyozi vimeacha mashimo ukutani, na hata feni zimekatwa, waya zinaning'inia. Muuzaji alipopigiwa simu akasema, "Mama, mimi nilikuuzia nyumba. Vyombo vyangu nimehama navyo."

Nani mkweli? Hapa mahakama zetu zinatumia kanuni kutoka Uingereza, kwa sababu sheria yetu ya mahakama inaruhusu kutumia mapokeo ya sheria ya Kiingereza yaliyokuwepo tarehe 12 Agosti 1897, pale yanapofaa mazingira yetu. Kesi maarufu ni ya mwaka 1872, Holland dhidi ya Hodgson. Ilihusu mashine za kufuma kwenye kiwanda, zilizopigiliwa misumari sakafuni. Zilikuwa zinang'oleka bila shida kubwa. Mahakama ikasema zimekuwa sehemu ya ardhi, kwa sababu ziliwekwa pale ili kiwanda kiwe kiwanda. Jaji Blackburn akatoa mfano wa mawe, ambao mimi naupenda kwa sababu hata fundi wa Bamburi atauelewa. Mawe yakipangwa moja juu ya jingine, bila saruji, yakawa ukuta wa shamba, ni sehemu ya ardhi. Mawe yaleyale yakipangwa vivyo hivyo kwenye uwanja wa muuza mawe, kwa ajili ya kuhifadhi tu, bado ni bidhaa.

Kwa hivyo unauliza mambo mawili. Kitu kimeshikamana vipi? Na kiliwekwa pale kwa ajili gani: kuiboresha nyumba yenyewe, au ili mtu akitumie kama chombo chake? Jambo la pili ndilo lenye uzito zaidi. Kabati za jikoni zilizojengewa ukutani ni nyumba. Mlango na grili za dirisha ni nyumba. Pampu iliyofungwa kisimani ikilisha mabomba ya nyumba, mimi ningesimama mahakamani nikasema ni nyumba. Tangi limekaa kwa uzito wake tu, halijafungwa, lakini liko juu ya mnara uliojengwa kwa ajili yake na mabomba yote yanatoka hapo. Ningesema ni nyumba, na mwenzangu wa upande wa pili angebisha. Mapazia ni vyombo, na jokofu na mtungi wa gesi pia. Feni ya dari na kiyoyozi, hapo mawakili wawili wanaweza kula chakula cha mchana wakibishana. Sola, vivyo hivyo, na zinaweza kuwa na deni juu yake: siku hizi kuna sheria ya mwaka 2017 ya dhamana za mali inayohamishika, na mkopeshaji anaweza kuandikisha madai yake juu ya kitu kama hicho kwenye rejista ya dhamana, ambayo si rejista ya ardhi. Sachi ya kiwanja haitakuonyesha.

Yule mama tulimshauri aandike barua, na muuzaji akarudisha tangi na pampu, akakataa viyoyozi. Hatukwenda mahakamani. Gharama ya kesi ingenunua viyoyozi kumi. Lakini ugomvi wote ungezuiwa na karatasi moja iliyobandikwa nyuma ya mkataba: orodha ya vitu vinavyobaki, chumba kwa chumba, na picha zilizopigwa siku ya kukagua. Andika "tangi la lita elfu tano, jeusi, juu ya mnara", usiandike "tangi". Kwani wapo wanaobakisha tangi, lakini la lita mia tano.

Nguvu za karatasi nazo hazilingani. Vyombo vinahama kwa makubaliano na kukabidhiwa: ukinilipa na nikakupa jokofu, ni lako. Ardhi haihami hivyo. Sheria yetu ya mikataba inataka mkataba wa ardhi uwe wa maandishi, utiwe saini na pande zote, na saini zishuhudiwe. Hata ukiwa nao, ardhi inakuwa yako siku jina lako linapoandikwa kwenye rejista, si siku uliyolipa wala siku uliyopewa funguo. Kati ya siku hizo mbili wewe ni mdai mwenye karatasi nzuri. Ndiyo sababu mawakili hushikilia hela.

Kuna ujanja mmoja nitautaja kwa sababu mtauzwa. Ushuru wa stempu mjini ni asilimia nne ya thamani. Nyumba na ardhi vya milioni tatu, hiyo ni laki moja na elfu ishirini, na analipa mnunuzi. Muuzaji atakuja na wazo: "Tuandike kiwanja milioni moja, na mkataba mwingine wa nyumba milioni mbili, uone utakavyookoa elfu themanini." Haiendi. Mthamini wa serikali anathamini kiwanja pamoja na kilichosimama juu yake, kwa sababu ileile niliyoanza nayo, kwamba nyumba ni sehemu ya ardhi. Na ukija kuwa na kesi, umejiandikia mwenyewe ushahidi kwamba ulilipa milioni moja tu. Samani unazonunua kweli, hizo ziandike kando kwa bei yake halali. Hakuna ubaya wowote hapo.

Wanaonunua fleti nimewaacha, na sitakaa sana. Fleti si kiwanja wala si nyumba bila ardhi. Chini ya sheria ya mwaka 2020 ya mali za vitengo, unapata hati ya kitengo chako pamoja na fungu lako katika ngazi, paa, maegesho na ardhi ya chini. Uliza tu kama hati ya kitengo ipo. Kama unaambiwa "itakuja baadaye", basi kwa sasa unachonunua ni ahadi, na ahadi nayo ina bei yake.

Nilipomaliza, bibi mmoja wa makamo aliinua mkono. Akasema, "Mwanangu, mimi nina nyumba bila ardhi Likoni, nimelipa kodi ya kiwanja tangu mwaka 1987. Mwenye ardhi amefariki, watoto wake hawapokei tena. Wanasema wangoje mirathi. Nifanye nini?"

Nikamwambia, "Mama, usiache kulipa. Wasipopokea mkononi, tuma kwa njia inayobakisha alama, kwa simu au benki, kila mwezi tarehe ileile, na uandike ni kodi ya kiwanja gani. Siku yoyote wakisema hukuwa mpangaji, au kwamba ulikuwa na malimbikizo, alama hizo zitakusemea. Na risiti za tangu 1987, zile za marehemu, ziko wapi?"

Akacheka. "Ziko kwenye sanduku la chuma, chini ya kitanda."

"Basi kesho ziletwe tuzipige nakala. Na sanduku lirudi palepale chini ya kitanda."